Muhtasari wa ripoti ya maji ya kijiji chetu, kwa ambao hamtaisoma yote

Ripoti ina kurasa 143 na najua wengi hamtafika hata ya kumi, hamna kosa, mna ng'ombe na mashamba. Hapa nimeweka yale ambayo mkija mkutanoni Jumamosi bila kuyajua mtapiga kura gizani.

Jibu lenyewe ni hili: tusichimbe kisima cha tatu. Zile milioni 58 tulizochanga na kuchangiwa, tuvute maji ya chemchemi ya juu kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, tuweke matanki ya mvua shuleni, na visima viwili tulivyonavyo vibaki kwa mifugo, kufua, kuoga na kufyatulia matofali. Na kuanzia leo, hata kabla ya mkutano, mtoto wa chini ya miaka minane asinyweshwe maji ya kisima kama kuna namna nyingine yoyote.

Sababu ni floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi majini. Tumepima mwaka mzima, kila mwezi, masika na kiangazi, na baadhi ya sampuli tukapeleka maabara ya pili ili mtu asiseme mashine ilikosea. Majibu yalikaribiana sana. Kiwango cha Tanzania sasa hivi ni miligramu 1.5 kwa lita, sawa na cha Shirika la Afya Duniani (zamani sisi tulikuwa tunaruhusu mpaka 4, ndiyo maana wazee wanakumbuka kuambiwa maji yako salama). Kisima cha shule wastani wake ni 6.4. Kisima cha sokoni, kile kipya tulichokifurahia sana, ni 9.1. Chemchemi ni 0.8. Maji ya mvua hayafiki hata 0.1.

Sasa angalieni hapo kwenye visima, maana ndipo mabishano yote yalipo. Cha shule kina mita 85, cha sokoni mita 140, na chenye kina kirefu ndicho kibaya zaidi. Watu wanasema tuchimbe tena tufike chini kabisa kwenye maji masafi, nami nilikuwa nasema hivyo hivyo miaka miwili iliyopita. Lakini floraidi yetu haimwagwi na mtu wala haitoki kwenye mbolea, inatoka kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru yenyewe, maji yakikaa muda mrefu ndani ya hayo mawe yanazidi kuinyonya, na kwa kuwa maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo hakuna cha kuishika huko chini ikatulia. Kwa hiyo tukienda chini zaidi tunaweza kulipa milioni 58 tukapata maji mabaya kuliko tuliyonayo. Chemchemi iko juu, maji yake hayajakaa sana maweni, ndiyo maana ni mepesi.

Kuchemsha hakusaidii. Naomba mama zangu mnisikilize hapa kwa sababu wengi mnachemsha kwa uaminifu kabisa: kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi inabaki yote na maji ndiyo yanapungua, ukiweka lita 10 za kisima cha shule zikabaki 8 umetoka 6.4 umefika 8. Dawa ya klorini haiiondoi, kitambaa hakichuji, na kuyaacha yatulie usiku kucha ni bure. Huwezi kuionja wala kuinusa. Hata kuchanganya, tumepiga hesabu: ili kufika 1.5 unahitaji ndoo saba za chemchemi kwa moja tu ya kisima cha shule, sasa mwenye ndoo saba za chemchemi ana haja gani na hiyo ya nane? Makande na uji vinahesabika pia, chakula kinakunywa maji yake yote, na magadi mengi tunayolainishia maharage nayo yana floraidi, bora tuyapunguze.

Kuhusu meno. Yale madoa ya kahawia ya watoto wetu hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki, wala hayaambukizi, jino linaharibika likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, na likishatoka hivyo halisafishiki. Mtu mzima aliyehamia hapa meno yake hayatabadilika, lakini akinywa maji yenye floraidi nyingi hivi miaka mingi mifupa na viungo vinakuja kukakamaa. Binti yangu anacheka kafunika mdomo kwa kiganja. Nilimgombeza miaka kuhusu mswaki. Anayenyonyesha asiogope, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa ya kisima, tatizo linaanza mtoto akianza kukorogewa uji.

Pesa sasa. Kujenga chanzo, bomba la kilomita 2.3, tanki la lita 20,000 na vituo vinne vya kuchotea ni milioni 31. Shuleni, simtanki nane za lita 10,000 pamoja na mifereji ya paa ni milioni 21, watoto 420 kwa lita mbili kila mmoja, kunywa na uji, zinawavusha kiangazi chote cha masomo. Inabaki milioni 6, hiyo tunapendekeza iwe mfuko wa kukopeshana simtanki za nyumbani kupitia vikoba. Paa la mita za mraba 40, hata mwaka wa mvua mbaya ya milimita 500, linatoa kama lita 16,000 ukishatoa yanayopotea, na kaya ya watu sita inahitaji lita 30 kwa siku za kunywa na kupika, kwa hiyo simtanki ya lita 5,000 ikijaa mwezi wa tano inawafikisha mwezi wa kumi.

Ubaya wa mpango huu nao mujue. Chemchemi kiangazi inashuka mpaka lita 5 kwa dakika, yaani 7,200 kwa siku, na kaya ziko 310, kwa hiyo kuanzia Agosti itabidi iwe dumu moja la lita 20 kwa kaya na hapo msimamizi asiwe na ndugu. Maji ya chemchemi lazima yachemshwe au yatiwe dawa, tulikuta vijidudu baada ya mvua kubwa, ng'ombe wanapita pale juu. Na chanzo kiko kwa majirani zetu, bila makubaliano ya maandishi nao na uzio na miti, bomba litakuwa la kutazama tu.

Mkaa wa mifupa, ule wa kuchujia floraidi, tulijaribu kwenye nyumba nne. Unafanya kazi vizuri kweli, mwanzo maji yalishuka chini ya 1, ila chujio la kwanza lilichoka katika mwezi wake wa nne wa kutumika na wenye nyumba hawakujua kwa sababu ladha haibadiliki, tulijua kwa kupima. Tunaona ufae zahanati ambako kuna mtu wa kupima kila mwezi, kwa nyumba zote bado.

Jumamosi saa nne asubuhi chini ya mti wa ofisi ya kijiji, kura ni tatu: kusitisha kisima cha tatu, kuwatuma wazee watano kwa majirani kabla ya mwisho wa mwezi, na kupaka rangi nyekundu bomba za visima vyote viwili. Anayetaka kuona vipimo vya kila mwezi, viko ukurasa wa 61 mpaka 88, nakala ipo kwa mwenyekiti na nyingine shuleni.