Andalio la somo: kuni, mkaa na gesi, upi moshi upi moto (Kemia, Fomu Tuu B, Tabora)

Wanafunzi 48, vipindi viwili mfululizo (dk 80), tunafanyia chini ya mwembe nyuma ya maabara maana ndani tutalia wote.

Lengo: mwanafunzi aweze kupima joto na masizi ya kila nishati, na aeleze kwa nini kuni mbichi inasumbua.

Vifaa: majiko 4, sufuria 4 saizi moja zenye vifuniko, themomita, mzani wa jikoni, tishu nyeupe, simu yangu ya kuhesabia muda, ndoo ya mchanga. Sufuria zisuguliwe na stili waya mpaka zing'ae, hii msiidharau, mwaka jana kikundi kimoja walitumia sufuria yenye masizi ya juzi wakaja kunibishia eti gesi ndo chafu kuliko kuni 😂

Vikundi vinne: kuni kavu za miyombo, kuni mbichi za miyombo hiyohiyo, mkaa, gesi. Kuni na mkaa kila kikundi gramu 300. Mkaa uwashwe kwanza mpaka uwe mwekundu ndo sufuria ipande. Maji lita 1, andika joto la mwanzo, kisha kila dk 2 mpaka yafike 80. Tusisubiri yachemke, Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari kwa hiyo maji yanachemka kwenye 96 hivi, watoto watasema themomita mbovu na kipindi kitaishia hapo.

Yakifika 80 toa sufuria, zima kuni kwa kuzichomeka mchangani, mkaa ufunikwe kwenye kopo (USIMWAGE MAJI, uzito utadanganya), vikipoa pima vilivyobaki. Gesi tunapima muda na masizi tu, inaenda kama gramu kumi hivi na mzani wetu haubebi mtungi. Halafu futa kitako cha sufuria mara moja kwa tishu, bandika ubaoni nne zote pamoja, hapo huhitaji kuongea sana.

Hesabu: kutoka 25 hadi 80 ni 1 × 4200 × 55 = 231,000 J. Tuseme kuni kavu zimeenda gramu 120, gawanya, maji yamepata 1,925 J kwa kila gramu. Kuni mbichi itatoka chini sana kwa sababu moto unaanza kukausha maji yaliyo ndani ya kuni kabla ya kupasha ya kwenye sufuria, na gesi zinazotoka kwenye mti zinaondoka kama moshi bila kuungua.

Nitauliza kwa Kiswahili, waandike kwa Kingereza cha mtihani, ndivyo ilivyo.

Kazi ya nyumbani: tishu ya mkaa imetoka karibu nyeupe, sasa kwa nini bibi anakataza kulala na jiko la mkaa chumbani? Jibu litaje kaboni monoksaidi, na lieleze kwa nini pua haiwezi kuigundua.