Nimeanza kazi mpya, na kuna watu wa kuwashukuru

Ndugu na wenzangu wa famasia, stoo na chanjo,

Jumatatu hii nimeanza kazi ya uratibu wa mnyororo baridi katika bohari ya chanjo ya kanda. Kwa wasioifahamu kazi yenyewe: chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi hadi zinapomfikia mtoto. Jukumu langu ni kusimamia joto hilo ndani ya bohari na kwenye safari za kwenda vituoni, na likivurugika, tulijue siku hiyo hiyo na tuchukue hatua.

Nimefurahi sana. Ni kazi niliyoitamani tangu nilipokuwa msaidizi wa stoo ya hospitali, na najua vizuri kwamba sikuifikia peke yangu. Sitataja majina kwa sababu baadhi yenu hampendi kuandikwa mtandaoni, lakini kila mmoja atajijua.

Wa kwanza ni mama yetu wa stoo, ambaye sasa amestaafu. Shikamoo mama. Yeye alianza kazi kabla ya viashiria vya joto kuanza kubandikwa kwenye vichupa vya chanjo ya polio mwaka 1996, enzi ambayo mtunza stoo alitegemea kipimajoto, leja na uaminifu wake. Ndiye aliyenifundisha kuogopa baridi kali kuliko joto. Wengi wetu tukiingia kazini tunafikiri adui ni umeme kukatika. Mama akatufundisha kuwa chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda inaharibika, na ikishayeyuka unaweza kuitazama kichupani usione tofauti yoyote. Kiashiria cha kwenye kichupa nacho hakitakuambia, kwa sababu kile hubadilika rangi kwa joto tu.

Alinionyesha kipimo cha kutikisa kwa mikono yake mwenyewe. Unachukua kichupa unachokitilia shaka. Unachukua kingine cha chanjo ile ile, kiwanda kile kile, toleo lile lile, unakiandika alama kisije kikatumika, kisha unakigandisha kabisa na kukiacha kiyeyuke. Halafu unavishika vyote viwili kwa mkono mmoja, unavitikisa pamoja, unaviweka mezani na kutulia. Kile kilichoganda huanza kuonyesha vipande vidogo vinavyoshuka chini haraka, na maji ya juu yanabaki angavu. Ikiwa ulichokitilia shaka kinatua kwa kasi hiyo hiyo au zaidi, hakimfai mtoto yeyote. Mama alikuwa hasemi neno mpaka mashapo yatue. Utulivu ule ndio ninaojaribu kuingia nao kwenye kazi hii.

Kwa dereva wetu wa gari la chanjo: kaka, asante. Ulikuwa hukubali kuondoka mpaka umechukua kila pakiti ya barafu, ukaitikisa karibu na sikio na kusikia maji yakicheza ndani. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ikigusana na vichupa inaweza kuvigandisha njiani, na wewe uliijua hatari hiyo vizuri kuliko wengi wenye vyeti. Asubuhi ambazo sisi wengine tulikuwa na haraka, wewe ulitusubirisha. Ulikuwa sahihi.

Kwa fundi wa majokofu, uliyenijibu simu hata siku za sikukuu: ulinifundisha kusikiliza mashine kabla haijafa, na kutoona aibu kuuliza.

Kwa wauguzi wa vituo, mnaosoma kipimajoto asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia. Hapa naomba niweke jambo moja sawa. Ile fomu ya joto ya ukurasa mmoja ambayo baadhi yenu mmeisikia ikitajwa pamoja na jina langu ilikuwa kazi ya wengi. Mimi niliichora na kuisambaza. Safu ya mwisho, ile ya kuandika hatua iliyochukuliwa joto likitoka nje ya mipaka, ilipendekezwa na muuguzi wa kituo kimoja kidogo, naye alisema wazi: mnatuuliza namba tu, hamtuulizi tulifanya nini. Bila safu hiyo fomu ingekuwa orodha ya namba za kujaza makabrasha. Nimemwomba ruhusa ya kulieleza hili, akakubali, na nimeliandika vivyo hivyo kwenye maelezo yangu ya kazi nilipoomba nafasi hii.

Kwa mfamasia mkuu wangu wa zamani: kiongozi, ripoti ya joto ya mwaka ilikuwa yako kuiwasilisha mbele ya kamati. Ulinisukuma mimi nisimame, ukakaa mstari wa nyuma, na maswali yalipokuwa magumu hukuniokoa haraka. Uliniacha nifikiri. Kisha uliposikia nafasi hii imetangazwa, ulinitumia tangazo wewe mwenyewe, ukijua fika kwamba nikipita utabaki na pengo. Viongozi wa namna hiyo ni wachache, na nitajitahidi kuwafanyia hivyo walio chini yangu.

Nyumbani wanajua. Simu ya kengele ya jokofu usiku wa manane haikuwaamsha wao kwa hiari yao, na hawakuninung'unikia.

Sasa kuhusu kazi iliyo mbele. Miezi ya mwanzo nitakuwa nasikiliza zaidi ya kusema: nataka kupita vituoni, nione jokofu limewekwa wapi, vichupa vimepangwaje, na nani hubaki na ufunguo wikendi. Baada ya hapo ningependa tuelekeze nguvu kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuganda kwa chanjo, kwa sababu naamini hatulizungumzi vya kutosha. La pili ni kutoa kwanza zile zinazokaribia kuisha muda, hata kama zilipokelewa juzi. Wengi bado tunatoa kwa mpangilio wa kupokea, na hapo ndipo vichupa vizuri vinapoishia kuteketezwa.

Nitakuwa naandika hapa mara kwa mara kuhusu haya, kwa lugha ambayo msaidizi wa stoo anayeanza leo ataielewa. Kama una picha ya chati ya joto inayokusumbua, nitumie, ukiwa umefunika jina la kituo. Kama una utaratibu unaofanya kazi kwenu, niambie pia, nami nikiutumia nitasema nimeutoa kwako.

Na la mwisho kwa wanaotafuta kazi: nafasi niliyoiacha ya usimamizi wa stoo ya hospitali imeshatangazwa. Anahitajika mtu mwenye taaluma ya famasia, anayependa leja iliyo safi na asiyechoka kuuliza. Siko kwenye usaili na sina kauli juu ya nani atapata, ila naweza kumweleza yeyote kazi ilivyo siku hadi siku, mazuri yake na ugumu wake. Niandikieni ujumbe, mchana nakuwa chumba cha baridi bila simu, hivyo majibu yatakuja jioni.