Zoezi la ukiritimba: barafu ya Msanga Mkuu

Msanga Mkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, tuseme kuna mama mmoja tu mwenye mtambo wa barafu. Wavuvi hawana kwingine pa kununua. Mama huuza kila pande kwa bei moja kwa wote. Kila pande linamgharimu shilingi 1,500 za maji na umeme, na kodi ya banda ni shilingi 40,000 kwa siku, auze asiuze.

| Mapande kwa siku | Bei ya pande (sh) |
|---|---|
| 10 | 5,500 |
| 20 | 5,000 |
| 30 | 4,500 |
| 40 | 4,000 |
| 50 | 3,500 |
| 60 | 3,000 |
| 70 | 2,500 |

1. Tafuta mapato yote katika kila mstari, kisha mapato ya nyongeza kwa pande moja. (Badiliko la mapato gawanya kwa 10.)

2. Kwa nini mapato ya nyongeza ni madogo kuliko bei kuanzia mstari wa pili? Eleza kwa kutumia hatua ya 10 hadi 20.

3. Mama atoe mapande mangapi, auze bei gani, na faida yake ni kiasi gani?

4. Mvuvi anamshauri auze 60, "maana hapo ndipo fedha nyingi zinapoingia." Mjibu kwa hesabu.

5. Kodi ya banda ikipanda hadi 50,000, mapande yatabadilika? Na gharama ya pande ikipanda hadi 2,500 huku kodi ikibaki 40,000?

Majibu

1. Mapato yote: 55,000, 100,000, 135,000, 160,000, 175,000, 180,000, 175,000. Ya nyongeza: 5,500, 4,500, 3,500, 2,500, 1,500, 500, –500.

2. Hapa ndipo wengi hukwama, nami naomba mtulie napo. Mapande 10 mapya yanaleta 50,000. Lakini yale 10 ya mwanzo, yaliyokuwa yakiuzwa 5,500, sasa nayo yanauzwa 5,000: mama anapoteza 5,000. Kinachobaki ni 45,000, yaani 4,500 kwa pande, wakati bei ni 5,000.

3. Mapato ya nyongeza yanalingana na gharama ya nyongeza, 1,500, kwenye mapande 50. Bei isomwe kwenye jedwali, 3,500, wala si 1,500! Faida: 175,000 – 75,000 – 40,000 = 60,000.

Mwenye macho ataona kuwa mapande 40 nayo yanaleta 60,000. Hajakosea: hatua ya mwisho haiongezi wala haipunguzi kitu. Jedwali linaruka kumi kumi. Ukitumia mlinganyo wake, P = 6000 – 50Q, P ikiwa bei na Q idadi ya mapande, mapato ya nyongeza ni 6000 – 100Q; yakiwa 1,500, Q = 45, bei 3,750, faida 61,250. Kwenye jedwali tunachukua 50, panapolingana.

4. Kwenye 60 faida ni 180,000 – 90,000 – 40,000 = 50,000. Mapato yameongezeka 5,000, gharama 15,000.

5. Kodi haigusi gharama ya nyongeza, hivyo mapande ni 50 yale yale na faida inashuka hadi 50,000. Gharama ya pande ikiwa 2,500, anauza 40 kwa bei ya 4,000, faida 20,000.