Barua kwa Mhariri: Kabila halikuiba pikipiki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kwa miaka 19 na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwenu. Naiandika kwa sababu ya kichwa cha habari cha ukurasa wa mbele, Jumanne iliyopita. Kina maneno sita, na la kwanza ni jina la kabila. Sitalirudia hapa, kwa kuwa kulirudia ndiko ninakokulalamikia. Maneno matano yanayofuata ni haya: “wanaswa na pikipiki za wizi”.

Gazeti lile halikuanza kusomwa na mimi. Kazini kwetu kuna mlinzi wa zamu ya usiku, mtu mzima tunayemwita Mzee, ambaye hulisoma alfajiri na kunipa ninapoingia. Hunipa likiwa limenyooka, ukurasa wa mbele juu, na mara nyingi huwa na neno la kusema: “Mwanangu, umeona walivyofungwa jana?” Jumanne alinipa gazeti lililokunjwa ndani nje, matangazo ya zabuni yakiwa juu. Akaniambia nifanye kazi njema, akachukua kofia yake akaondoka. Nilipolikunjua nikaelewa. Kabila lililoandikwa pale juu kwa herufi nene ni lake.

Mimi si wa kabila hilo, na nakiri jambo ambalo linanisumbua kuliko yote. Kabla sijafika ukurasa wa 5 kusoma habari yenyewe, nilishamkumbuka kijana mmoja wa kabila hilo anayeleta mizigo ghalani, na nikajiuliza pikipiki yake aliipata wapi. Nimemfahamu kijana yule kwa miaka miwili na hajawahi kupoteza hata katoni moja. Wazo hilo sikuamka nalo, nimelitoa kwenye ukurasa wenu.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe, maana niliisoma mara tatu. Waliokamatwa ni watu wanne. Hawajasomewa mashtaka. Taarifa ya polisi, kama mlivyoinukuu ninyi wenyewe, inataja idadi yao, umri wao, muda waliokamatwa na pikipiki 6 zilizokutwa kwenye banda. Kabila halimo katika maneno ya msemaji wa polisi. Linaingia aya ya saba, kwa mdomo wa jirani ambaye hakutajwa jina, aliyesema vijana hao “ni watu wa kule”. Na katika aya hiyo hiyo jirani anaongeza kwamba mmoja wao alihamia hapo na mkewe na kwao ni kwingine kabisa. Kwa hiyo hata mkihesabu kwa kipimo chenu, waliobaki ni watatu. Watatu, kwa ushahidi wa jirani, ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Huo ndio msingi uliobeba herufi nene za ukurasa wa mbele.

Lugha yetu nayo iliwataka muwe waangalifu zaidi. Kiswahili hakimlazimishi mwandishi kutenganisha “baadhi” na “wote” anapotaja jina la watu. Kiambishi wa- kinabeba watu wawili na kinabeba milioni moja bila kubadilika. Mngeandika “wanne”, msomaji angalau angejua ni wanne. Mliiacha idadi ukurasa wa 5, na mbele mkaacha jina la watu wote peke yake, likifuatiwa na “wanaswa”. Anayepita kwenye meza ya magazeti hafungui ukurasa wa 5. Anasoma maneno sita na kwenda zake, na anachoondoka nacho ni kwamba watu wale ni wezi.

Najua jibu ambalo huenda mnalo tayari: kwamba ni kweli, na kazi ya gazeti ni kusema kweli. Lakini kweli zilizowahusu vijana wale zilikuwa nyingi. Ilikuwa kweli kwamba wana umri kati ya miaka 20 na 26, kwamba wawili ni mafundi, kwamba wote ni wanaume. Hamkuandika “Mafundi wanaswa”. Kati ya kweli zote mlizokuwa nazo mezani, mtu alichagua moja akaiweka kuwa neno la kwanza, na neno la kwanza katika kichwa cha habari humwambia msomaji kwamba hapa ndipo penye sababu. Mnadai, bila kutamka, kwamba waliiba kwa kuwa ni wa kabila fulani. Hilo si kweli, na habari yenu haikujaribu hata kulionyesha.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akitiliwa shaka hurudi kwenye vitabu. Nimepitia magazeti yenu ya wiki sita ambayo bado yako kabatini. Nimepata habari za uhalifu 14. Kabila la watuhumiwa limetajwa kwenye 2, na zote 2 ni kabila hilo hilo. Katika zile 12 nyingine mmeandika “mtunza fedha”, “dereva”, “baba wa watoto watatu”, “mfanyabiashara maarufu”. Yule mtunza fedha anayedaiwa kuchota akiba za wanachama ni wa kabila langu, lililo kubwa zaidi eneo letu, na aibu yake ilibaki kuwa yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio wengi hatujawahi kuamka asubuhi tukaubebe huu, ndiyo maana hatuuoni uzito wake.

Kuna jaribio la zamani ambalo kila anayeandika vichwa vya habari angepaswa kulijua. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Hamilton na Robert Gifford waliwapa watu sentensi 39 za kusoma. Kila sentensi ilieleza jambo alilofanya mtu wa kundi A au wa kundi B, na makundi hayo hayakuwa na jina jingine zaidi ya herufi. Kundi A lilikuwa na mambo mema 18 na mabaya 8. Kundi B, lililo dogo, lilikuwa na mema 9 na mabaya 4. Pigeni hesabu: uwiano ni ule ule kabisa, 9 kwa 4. Lakini walipoulizwa baadaye, wasomaji wale walilibebesha kundi B mabaya mengi kuliko yaliyoandikwa, na wakaliona ni baya kuliko A. Hakuna aliyekuwa na chuki na herufi B. Kilichotokea ni kwamba watu wachache na tendo baya ni vitu viwili vinavyoonekana mara chache, na vikitokea pamoja akili huvishika kwa nguvu.

Hapo walipewa taarifa sawa, bila upendeleo. Ninyi mnatupa taarifa ambayo imeshachujwa: mabaya ya wachache mnayaandika na jina la kabila, ya wengi mnayaandika na jina la kazi.

Watu wakijadili jambo hili hukimbilia Rwanda na redio za mwaka 1994. Mimi sitawafananisha na redio zile, maana haitakuwa haki na pia itawapa njia ya kuikataa barua hii. Madhara ninayoyasema ni ya siku moja moja: mwenye nyumba anayesema chumba kimeshachukuliwa akisikia jina la mpangaji, mtoto anayeulizwa darasani kama wale ni wajomba zake, mzee wa miaka 60 anayekunja gazeti ndani nje kabla ya kumpa mtu anayemheshimu.

Na wala sisemi kabila lisitajwe kamwe. Mtu akishambuliwa kwa sababu ya kabila lake, kulificha kabila ni kuificha habari. Polisi wakimtafuta mtu hatari na wakatoa maelezo kamili ya kumtambua, nitaelewa, ingawa hata hapo urefu, kovu na nguo alizovaa vitanisaidia kuliko jina la kabila, ambalo halionekani usoni. Kipimo ni kimoja: ukiliondoa neno hilo, je, msomaji anashindwa kuielewa habari? Mimi nimeliondoa kwenye habari yenu kwa kalamu, aya kwa aya. Hakuna kilichopungua.

Haya si matakwa yangu peke yangu. Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari lilipitisha mkataba wa maadili mjini Tunis mwaka 2019, na unamtaka mwandishi afanye kila awezalo kutosaidia kueneza ubaguzi, ukiwamo wa asili ya kabila. Kanuni za wahariri wa magazeti ya Uingereza zinasema maelezo ya rangi au dini ya mtu yaachwe isipokuwa yanahusiana kweli na habari. Ninyi wenyewe mna ubao wa maadili pale mapokezi. Nilikuja kulipia tangazo la msiba mwaka jana nikausoma nikiwa kwenye foleni.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, kichwa kile kibadilishwe kwenye tovuti yenu, kwa kuwa bado kipo na bado kinasambazwa kwenye simu. Pili, masahihisho yachapwe ukurasa wa mbele, mahali pale pale. Yakiwekwa chini ya ratiba ya michezo, yatasomwa na asiyehusika. Tatu, kesi ikifika mahakamani, muiripoti hadi mwisho. Kama hata mmoja wao ataachiwa huru, jina la kabila lililochafuliwa kwa herufi nene halitasafishwa na mistari miwili ukurasa wa 11.

Najua kichwa cha habari huandikwa usiku, mtambo ukisubiri, na mara nyingi si mwandishi wa habari anayekiandika. Simtafuti huyo mtu aadhibiwe. Ningependa tu aambiwe kwamba kabla ya kupeleka ukurasa, ajaribu kuliweka jina la kabila lake pale pale, alisome kwa sauti, na aone kama bado anataka kulichapa.

Barua hii nilimpa Mzee aisome kwanza, kwa kuwa nimemtaja. Aliisoma amesimama getini, taratibu, kisha akaniomba niondoe sentensi moja inayomhusu mwanawe. Nimeiondoa. Akasema nyingine zote zibaki.

Wenu,
Msomaji, mhasibu wa ghala

Jina langu kamili na namba ya simu nimeviandika kwenye karatasi ya pili kwa matumizi ya ofisi yenu. Naomba visichapwe, maana vikichapwa na Mzee atajulikana ni nani.