Maneno ya hesabu kwa Fomu Wani, yasomeni kabla ya kipindi cha kesho

Haya madogo, mlitoka primari mnayajua haya yote kwa Kiswahili, sasa tichaa akisema dinomineta mnakodoa macho tu.

Dinomineta ni asili, ile namba ya chini kwenye sehemu, na nyumereta ni kiasi, ya juu. Chapati imekatwa vipande 4 we ukala 3, umekula 3/4, asili ni 4 na kiasi ni 3. Kujumlisha 1/4 na 1/6 usijumlishe asili jamani (kila mwaka kuna mtu ananiletea 2/10), tafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, hapo ni 12, unapata 3/12 + 2/12 = 5/12.

Praimu namba ni namba tasa. Skwea ruti ni kipeuo cha pili, msichanganye na kipeo, hicho ni kale kanamba kadogo ka juu.

Sasa mediani, hapa ndo wengi wanapigwa. Ni namba ya kati, ila LAZIMA upange kwanza. Maksi 40, 12, 55, 31, 48 ukidaka ya katikati hivyohivyo unasema 55, umeliwa! Panga: 12, 31, 40, 48, 55, mediani ni 40. Akiongezeka mwenye 60 zinakuwa sita, za kati ni mbili, 40 na 48, jumlisha gawa kwa 2, unapata 44.

Mini ni wastani ule wa kawaida. Modi ni inayojirudia zaidi, basi.