Karibu Alfajiri

Shairi la darasa la tatu, Pangani, kwa Siku ya Wazazi. Husomwa uwanjani jua likichomoza, watoto wakitazama mashariki. Mstari wa mwisho wa kila ubeti husemwa na wote. Wazazi wanyamaze hadi mwisho.

(Wote)
Giza laanza kuhama, nyota hazioni haja,
Zuhura imesimama, mashariki inangoja,
Jogoo wa kwetu nyuma, kawika mara si moja,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Mtoto wa kwanza)
Adhana imeshapita, ndege waanza kusema,
Tetere naye aita, mnazini kasimama,
Chiriku wanafuata, kila tawi lina ngoma,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Mtoto wa pili, kwa sauti ya chini)
Umande umetulia, majani yametosheka,
Tone lananing'inia, mwanga ndani umefika,
Kidole nikigusia, baridi! Nami nacheka,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wavulana)
Ngalawa zaja Pangani, zaingia kwenye mto,
Vibua wamo tengani, wametameta ja vito,
Baba arudi kazini, kichwa chauacha mto,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wasichana)
Bibi jiko kalikoza, vitumbua vyaumuka,
Kimoja akigeuza, harufu yatuzunguka,
Toto letu lauliza, "Changu lini kitatoka?"
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Mtoto wa tatu, akionyesha angani)
Rangi unajitilia, kwanza buluu ya wino,
Zambarau yaingia, ile ipakayo meno,
Jua likichungulia, embe bivu la mavuno,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wote)
Ndiwe mfungua lango, wewe mfukuza popo,
Wapita kwenye mapengo, ukutani yaliyopo,
Huchoki, huna maringo, kila siku wewe upo,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wavulana)
Hata siku za masika, mawingu yakikufunga,
Nyuma yake unawaka, twauona wako mwanga,
Twaja tukitiririka, vichwa tumefunga kanga,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wasichana, wakigeuka kutazama magharibi)
Ukishamulika Tanga, pitia kule Dodoma,
Tabora peleka mwanga, usimame na Kigoma,
Kiza bado chawazinga, kitandani wamezama,
Karibu alfajiri, upokee shikamoo.

(Wote, mikono juu)
Kengele imeshalia, mchanga una unyevu,
Vivuli vyajilalia, virefu kama vya ndovu,
Mikono twakupungia, twaita tena kwa nguvu:
Karibu alfajiri, upokee shikamoo!

(Wazazi wote: Marahaba!)