Ripoti ya Maendeleo ya Mwanafunzi, Muhula wa Pili 2025

Mwanafunzi: Mwanaidi
Umri: miaka 6 na miezi 4
Darasa: Gredi ya 1, Lamu
Mahudhurio: siku 62 kati ya 65. Alichelewa mara 9.

Kwa mama na baba Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Ripoti hii haina nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Ina maneno manne tu:

Anaweza vyema: hufanya peke yake bila kukumbushwa.
Anaweza: hupata mara nyingi, akikosea hujirekebisha.
Anakaribia: hufanya akionyeshwa hatua moja.
Bado: tutamfundisha tena tangu mwanzo.

KUSOMA NA KUANDIKA

Kusikiliza na kuzungumza: Anaweza vyema. Akisomewa hadithi huisimulia kwa mpangilio wake, na huuliza maana ya neno asilolijua.

Silabi na maneno: Anaweza. Katika maneno 20 ya silabi nyepesi (*baba, kofia, samaki*) alisoma 17. Anapokwama ni penye konsonanti zilizoshikana: *mbwa* huikata "m-bu-wa", na *ng'ombe* huisoma kama kwamba ile alama ya juu haipo.

Kusoma sentensi: Anakaribia. Sentensi ya maneno manne huimaliza, lakini akifika mwisho amesahau mwanzo, kwa sababu nguvu zote zimeishia kwenye kuunga silabi. Dawa yake ni kurudia sentensi ileile mara tatu. Kumpa ukurasa mpya kila siku hakutasaidia.

Kuandika: Anakaribia. Herufi zake zinakaa kwenye mstari. *b* na *d* bado humchanganya, na mara chache huanza mstari kutoka kulia kama anavyoandika chuoni. Jambo hili halitutii wasiwasi, akiwekewa nukta ya kijani upande wa kushoto huanza sawa. Tulipomsomea imla "Paka ana macho mawili", aliandika "Paka ana mato mawili". Sikio lake ni zima: ameandika Kiamu cha nyumbani, na kila sauti ameipa herufi yake. Tunamfundisha kwamba kitabuni ni *macho* na *njia*, nyumbani ni *mato* na *ndia*. Tafadhali msimkataze kusema Kiamu.

Kiingereza: Anakaribia. Huongeza irabu mwishoni mwa neno, ndiyo maana kitanda hukisoma "bedi". Watoto wengi wa darasa hili hufanya hivyo.

HESABU

Kuhesabu kwa mdomo hadi 100: Anaweza, ila sitini na sabini hubadilishana nafasi.

Kuhesabu vitu: Anaweza vyema hadi 30. Husogeza kila kombe pembeni akishalihesabu, kwa hiyo harudii.

Kuandika namba: Anakaribia. Mwezi wa Mei "kumi na nne" aliiandika 104, yaani aliandika 10 kisha 4 kama alivyosikia. Tukatumia vijiti: kumi vinafungwa kwa mpira, vinne vinabaki huru, fungu moja na vinne, 14. Sasa hupata 11 hadi 19. Kuanzia 20 kosa lile hurudi akifanya haraka.

Kujumlisha hadi 10: Anaweza.

Kutoa: Bado. Kwa 10 − 3 hutaja "kumi, tisa, nane" kisha hujibu 8. Tatizo ni kwamba anaihesabu ile kumi yenyewe kama hatua ya kwanza. Nyumbani mwekeeni kokoto 10, aondoe tatu kwa mkono wake, ahesabu zilizobaki. Vidole tuviache kwa sasa.

MAHUSIANO

Kushirikiana: Anaweza vyema. Hugawa kalamu za rangi bila kuambiwa.
Kungoja zamu: Anaweza.
Kufuata maagizo: Anaweza yakiwa mawili. La tatu hulisahau.
Kukubali kushindwa: Anakaribia. Akishindwa kwenye mdako huondoka na kokoto zake. Mwanzo wa muhula alikuwa akilia hadi kengele, sasa hurudi mwenyewe baada ya dakika tano hivi.

TUNALOWAOMBA

La kwanza ni kuwahi. Somo la asubuhi ndilo la kusoma, na mara zote 9 alizochelewa lilimpita. Tunajua kwamba maji yakijaa njia ya pwani kutoka Shela huwa taabu na boti hujaa, basi siku hizo atoke nusu saa mapema. La pili, dakika 10 za kusoma kwa sauti kila jioni baada ya chuo, akiwa ameshakula. Akikosea mwacheni amalize neno kwanza, ndipo mmrekebishe.

Muhula wa tatu tutaanza na kutoa, kisha silabi za *mbw*, *ng'* na *ny*. Aje na vijiti 30 vya urefu wa kidole na mipira mitatu ya kufungia. Vijiti vya ufagio vinatosha, ila ncha zikatwe.

Mwalimu wa darasa, Gredi ya 1